Laki Moja ya Mwezi wa Kumi

Hotuba ya mkutano mkuu wa mwaka ilikuwa kurasa sita, imechapwa na katibu wetu kwa maandishi makubwa ili nisihangaike na miwani. Ilianza kwa kumtambua kila mtu aliyeketi mbele, kuanzia afisa wa ushirika wa kaunti hadi kasisi aliyetuazima ukumbi. Nilisoma ukurasa mmoja na nusu. Nilipofika pale pa "gawio la asilimia 12 kwa hisa na riba ya asilimia 7.5 kwa akiba," makofi yakapigwa, na kabla hayajatulia mama mmoja wa safu ya tatu akasimama, simu mkononi.

"Chea, hii simu yangu inadanganya ama ni wewe?"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu sikujua bado nitajibu nini.

Mimi ni mwenyekiti wa chama kidogo cha akiba na mikopo hapa Nakuru, na siku za kawaida utanipata dukani kwangu nikipima vyakula vya kuku. Wanachama wetu ni mchanganyiko: wauzaji wa sokoni, walimu, wakulima wa Njoro na Molo, na vijana wa bodaboda. Mkutano ulikuwa Lanet, Jumamosi moja ya Machi, mvua imeanza kunyesha kwenye mabati. Sheria inatutaka tukutane ndani ya miezi minne baada ya mwaka wa hesabu kuisha, na sisi hungoja mpaka wakaguzi wamalize kabla ya kuwaita watu, maana gawio halitangazwi kwa hesabu ambazo hazijakaguliwa. Wiki moja kabla ya siku yenyewe tulimtumia kila mwanachama ujumbe wa simu unaoonyesha atapata nini iwapo mkutano utapitisha viwango hivyo. Ujumbe huo ndio uliomsimamisha mama.

Mama huyu huuza vitunguu soko la Wakulima. Alisema hivi: "Mwaka umeisha akiba yangu ikiwa 184,000. Umesema asilimia saba na nusu. Mtoto wangu amenipigia hesabu, inakuja 13,800. Simu inasema 7,350. Hiyo nyingine imeenda wapi?"

Ukumbi ukanyamaza kabisa. Nadhani nusu ya watu waliokuwa mle walikuwa na swali hilo hilo na hawakutaka kuonekana hawajui. Nikaiweka hotuba mezani, nikamwomba kijana wa ofisi ateremshe ile kalenda ya mwaka uliopita iliyokuwa ukutani, nikaigeuza upande mweupe na kuchukua kalamu nene nyekundu.

Nilimuuliza kwanza pesa ziliingia lini. Alikuwa anakumbuka vizuri kuliko sisi. Mwaka ulianza akiwa na 60,000. Kila mwezi aliweka 2,000 bila kukosa. Halafu tarehe 9 mwezi wa kumi akaleta laki moja kwa mpigo.

Hapo ndipo penyewe. Riba ya akiba haihesabiwi kwa pesa uliyokuwa nayo siku ya mwisho wa mwaka. Inahesabiwa kwa pesa na muda iliokaa. Chama kimeikopesha pesa yako kwa watu wengine, na kimepata riba kwa miezi ile tu ambayo pesa ilikuwa mikononi mwake. Laki ya mwezi wa kumi haikuwapo Februari mkulima wa Molo alipokopa kununua mbegu. Kwa hiyo kila shilingi inapewa miezi yake: iliyokuwapo tangu Januari inapewa miezi 12 kamili, na kila iliyochelewa inapunguziwa.

Nikaandika mstari wa kwanza. Elfu sitini, miezi 12, asilimia 7.5, ni 4,500. Mstari wa pili ni zile 2,000 za kila mwezi. Ya Januari imekaa miezi 12, ya Februari 11, ya Machi 10, hivyo hivyo hadi ya Desemba iliyokaa mwezi mmoja. Ukijumlisha miezi yote hiyo unapata 78. Elfu mbili mara 78, gawanya kwa 12, ni sawa na mtu aliyekuwa na 13,000 mwaka mzima. Riba yake ni 975. Mstari wa tatu, laki moja ya Oktoba. Nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika: "Imekaa miezi miwili." Nikaandika 1,250. Jumla, 6,725.

Mama akatazama simu yake. "Bado si sawa. Sasa wewe umenipunguzia tena."

Ni kijana mmoja wa bodaboda, aliyesimama karibu na mlango kwa sababu viti vilikuwa vimeisha, aliyeniokoa. "Chea, Oktoba yenyewe umeiruka. Oktoba, Novemba, Desemba. Ni tatu." Nikahesabu kwa vidole mbele ya watu mia mbili na zaidi. Ni tatu. Pesa inayoingia kabla ya tarehe 15 kwetu inahesabiwa mwezi huo huo, na yake iliingia tarehe 9. Miezi mitatu ya laki moja ni sawa na 25,000 ya mwaka mzima, riba yake 1,875. Nikafuta kwa mstari, nikaandika upya: 4,500 na 975 na 1,875. Zikafika 7,350, sawasawa na simu, kabla ya makato ya kodi.

Kosa hilo lilinifaa kuliko hotuba yote. Yule kijana alitoa na njia ya mkato ambayo sasa naitumia kila mtu akinijia dukani na swali: chukua 13, toa namba ya mwezi. Oktoba ni mwezi wa 10, inabaki 3. Julai ni wa 7, inabaki 6. Kwenye chama chako sheria inaweza kuwa tofauti, kwa sababu wengine huanza kuhesabu mwezi unaofuata ule ulioweka, na hapo unatoa kwenye 12. Cha kuuliza ofisini ni hicho kimoja: mwezi wa kuweka unahesabiwa, au hauhesabiwi?

Basi nikadhani tumemaliza. Mama hakukaa.

"Sawa. Lakini hisa zangu mmezipa asilimia 12 na akiba asilimia saba na nusu. Kwa nini msinihamishie akiba yote iwe hisa?"

Swali hilo huulizwa kila mwaka na kila mwaka hujibiwa vibaya. Mwaka uliotangulia mimi mwenyewe nililijibu kwa kusema hisa ni za umiliki na akiba ni za akiba, jambo ambalo halimfafanulii mtu chochote. Safari hii nilimweleza ninachokijua kwa macho. Hisa ni pesa uliyoinunulia sehemu ya chama. Ndizo zilizonunua kompyuta za ofisi, na ndizo zinazotangulia kupata hasara mambo yakienda mrama. Kwa hiyo ukiondoka, chama hakikurudishii. Unatafuta mwanachama mwingine anunue nafasi yako. Akiba ni pesa yako iliyowekwa dhamana: ukiondoka bila deni na bila kumdhamini mtu, unaandika barua, unangoja siku 60, unapewa yote.

Kuna mwalimu wetu aliyehamia Kitale. Akiba yake alilipwa kwa muda huo huo. Hisa zake, 45,000, zilikaa miezi saba kwenye ubao wa matangazo ofisini hadi alipopatikana mnunuzi, na mnunuzi aliomba apunguziwe. Yeye alikuwa amejaza hisa kwa sababu ya asilimia kubwa. Tena alipokuwa bado nasi alishangaa kukuta hisa hizo hazihesabiwi akiomba mkopo, kwa sababu mkopo wetu hufuata akiba peke yake.

Halafu nikamwonyesha mama jambo ambalo naona ndilo linalopotosha watu zaidi kuliko yote. Ana hisa za 20,000. Asilimia 12 yake ni 2,400, ikikatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 inabaki 2,280. Asilimia 12 inasikika kubwa, lakini inafanya kazi kwenye mfuko mdogo. Saba na nusu inasikika ndogo, lakini imemletea 7,350, mara tatu ya gawio. Mfuko ndio wa kutazama kwanza, asilimia baadaye.

Nilikuwa na sababu yangu ya kulisema hilo kwa mkazo, na sitaificha. Katika kamati yetu theluthi moja hutoka kila mwaka na kupigiwa kura, na mmoja wa wagombea alikuwa amezunguka soko zima akisema kuna chama kingine mjini kimetoa 14. "Kumi na nne! Hawa wetu wanafanya nini?" Maneno hayo yalikuwa yamenifikia hadi dukani. Nikamuuliza mbele ya watu, kwa heshima, kumi na nne ya nini. Akasema ya gawio. Nikauliza ya akiba je? Hakuwa ameuliza. Basi tukahesabu: kwa hisa za 20,000, tofauti ya 12 na 14 ni shilingi 400 kwa mwaka. Lakini kwa akiba ya mama, kila asilimia moja ya riba ni shilingi 980. Chama kikitaka kung'aa kwenye gazeti kinaweza kuipandisha namba ya hisa kwa gharama ndogo, kikaibana ya akiba kimya kimya, na watu wakapiga makofi.

Hapo mzee mmoja wa mbele, mkulima wa mahindi, akauliza hizo asilimia zinatoka wapi hasa, mnaziamua ninyi huko ofisini? Nilifurahi. Mzee wa mahindi unamjibu kwa mahindi.

Nikamwambia, mzee, chukulia mapato yetu ya mwaka ni gunia moja la kilo 90, yaani gorogoro 45 hivi. Karibu gunia lote limetoka kwa waliokopa, ile riba wanayolipa kila mwezi. Hakuna shamba lingine. Sasa tupime. Gorogoro 10 zinaenda kwa mishahara ya wafanyakazi wetu wanne, kodi ya ofisi, ukaguzi na mtambo wa kompyuta. Gorogoro 3 tumezitenga kwa mikopo isiyolipwa vizuri, nitarudi hapo. Gorogoro 25, zaidi ya nusu ya gunia, ni riba ya akiba zenu wote. Zimebaki 7. Kutoka hizo 7, sehemu ya tano inaenda kwenye akiba ya kisheria, ile ambayo hata mkutano huu hauwezi kuigawa, inayobaki chamani kwa ajili ya siku mbaya. Ni gorogoro moja na nusu hivi. Gawio la hisa linakula tatu na nusu. Zinazobaki, mbili, ni marupurupu ya kamati mtakayopitisha leo na kidogo cha kukuza mtaji.

Mzee akauliza: "Na ukitaka kutupa 14 na 9?"

"Nitaenda kuazima gunia la jirani."

Watu wakadhani ni mzaha, lakini wazee wa chama walijua nasema nini. Kuna mwaka, kabla sijaingia kwenye kamati, chama chetu hiki hiki kilitangaza viwango vikubwa kuliko mapato yake, kikakopa benki ili kulipa. Mkutano ulikuwa wa furaha kupindukia. Mimi mwenyewe nilikula gawio hilo. Kuanzia Aprili hadi Agosti mikopo ilisimama, kwa sababu marejesho ya wanachama yalikuwa yanapita tu kwenye akaunti kwenda kulipa benki. Mtu aliyeomba mkopo wa karo mwezi wa nne aliupata shule zikifungwa muhula wa pili. Dalili yake, kwa anayetaka kujua kama chama chake kinafanya hivyo, imo kwenye kile kijitabu cha hesabu ambacho wengi hujipepea nacho: tafuta mstari wa mikopo ya nje, ulinganishe mwaka huu na uliopita. Ukiona imepanda na gawio limepanda na foleni ya mikopo imerefuka, umeshapata jibu.

Sasa nikarudi kwenye gorogoro tatu. Sehemu hii sikuwa nimeipangia kuisema kama nilivyoisema.

Akiba za chama chetu zilivuka shilingi milioni 100, na ukivuka hapo, kanuni za mwaka 2020 zinakuweka chini ya jicho la SASRA, mamlaka ya serikali inayosimamia vyama vya akiba na mikopo. Mojawapo ya mambo ambayo kanuni hizo hazikuachii nafasi ya kubembeleza ni mkopo uliochelewa. Sio kwamba unangoja uone kama mtu atalipa. Unatenga pesa kadiri siku zinavyopita. Mkopo unaolipwa vizuri unautengea asilimia 1 ya deni lililobaki. Ukichelewa hadi siku 30, asilimia 5. Ukivuka siku 30, asilimia 25. Ukivuka 180, nusu. Ukivuka mwaka, deni lote linahesabiwa limepotea, hata kama mkopaji ni jirani yako na anakuapia atalipa Ijumaa.

Nikawapa mfano wa mwanachama mmoja bila kumtaja jina. Alikuwa na akiba ya 80,000, na kwa kuwa kwetu mkopo ni mara tatu ya akiba, alikopa 240,000 kwa miezi 24, apande viazi. Riba yetu ni asilimia moja kwa mwezi kwa deni linalobaki. Mwezi wa kwanza alilipa 10,000 ya deni na 2,400 ya riba. Mwezi wa pili riba ikashuka hadi 2,300, na kuendelea kushuka. Alilipa miezi minane bila tatizo. Kisha bei ya viazi ikaanguka wakati shamba lake zima limeiva, na akaacha kulipa, deni likiwa 160,000.

Ndani ya mwezi wa kwanza wa kuchelewa tulitenga 8,000. Ulipovuka siku 30 ikawa 40,000. Miezi sita ilipopita, 80,000. Pesa hizo zinatoka kwenye gunia kabla ya mtu yeyote kupewa riba. Nikamgeukia mama wa vitunguu: "Deni lile lingefika mwaka bila kuguswa, ingekuwa 160,000. Hiyo ni riba ya akina mama 21 kama wewe."

"Na wadhamini?" mtu akapaza sauti nyuma. "Si kuna wadhamini?"

Walikuwapo. Wanne. Deni la 240,000, likitolewa akiba yake ya 80,000, liliacha 160,000 bila kinga, na kila mdhamini alibeba 40,000. Wengi hutia sahihi fomu ile kama wanavyotia sahihi kadi ya mchango wa harusi. Lakini tangu siku hiyo, 40,000 ya akiba yako imefungwa. Ukitaka kuondoka chamani, huwezi mpaka yeye amalize au apate mtu wa kuchukua nafasi yako. Na akishindwa, utaratibu hauna huruma: barua ya kwanza, barua ya pili, nakala kwa wadhamini, halafu akiba ya mkopaji mwenyewe inachukuliwa kwanza. Ndivyo ilivyokuwa. Akiba yake ya 80,000 ilikata deni nusu, ikabaki 80,000, ikagawanywa kwa wanne, 20,000 kila mmoja.

"Najua hizi namba," nikawaambia, "kwa sababu mdhamini mmoja ni mimi."

Nilipokea ujumbe wa makato saa tatu asubuhi nikiwa nampimia mteja chakula cha ng'ombe. Umeandikwa na mfanyakazi ninayemlipa, kwa utaratibu nilioutetea mwenyewe kwenye kikao. Nilikasirika, nikapiga simu ofisini, na kabla yule binti hajamaliza kusema "Habari ya asubuhi, mwenyekiti," nikakata. Ningemwambia nini? Arudishe? Wadhamini wengine watatu walikuwa wamekatwa dakika hiyo hiyo, na mmoja wao ni mlinzi wa usiku.

Kanuni za mikopo nyingine nilizipitia haraka, maana harufu ya pilau ilikuwa imeshafika ukumbini. Mkopo usiozidi akiba yako hauhitaji mdhamini. Wenye mishahara lazima wabaki na theluthi moja ya mshahara baada ya makato yote, na hilo ni sheria ya nchi, hatuwezi kulilegeza. Mkopo wa dharura ni wa mwaka mmoja. Hayo yote yamo kwenye fomu. Moja tu lilileta mjadala, na ni tena laki ya mama.

Kumbe alikuwa ameileta Oktoba akikusudia kukopa. Alihesabu 182,000 aliyokuwa nayo Novemba mara tatu, akapata 546,000, akaja ofisini mwezi huo kuomba. Akaambiwa bado. Sheria zetu ndogo zinasema akiba kubwa iliyoletwa kwa mpigo ikae miezi mitatu kabla ya kuhesabiwa kwenye mara tatu. Aliona ni ujanja wa ofisi. Nikamweleza tulikotoka: zamani mtu aliazima laki kwa shemeji asubuhi, akaiweka, akakopa laki tatu jioni, akamrudishia shemeji yake kutoka kwenye mkopo. Mkopo ulikuwa umesimama juu ya akiba ambayo haikuwa yake. Miezi mitatu si mingi, lakini mashemeji wengi hawavumilii miezi mitatu.

Alicheka kwa hilo, akaketi.

Mkutano ulipitisha viwango kama vilivyopendekezwa. Walipunguza marupurupu ya kamati kidogo, na sikuwa na nguvu za kupinga. Yule mgombea wa asilimia kumi na nne alishinda kiti. Sasa ndiye anayeshughulikia orodha ya wanaochelewa kulipa, na jana alinipigia saa mbili usiku kuniuliza kama kuna namna ya kumhesabia mtu siku 29 badala ya 31. Mkulima wa viazi alikuwa mle ukumbini muda wote, ameketi nyuma karibu na dirisha. Hunitumia 2,000 kila mwisho wa mwezi. Imebaki 6,000. Hatukusalimiana siku ile, lakini mwisho wa mwezi ilifika kama kawaida.

Kwenye foleni ya pilau mama wa vitunguu alinipata, sahani mkononi. Kalenda yangu alikuwa ameiomba kwa katibu, ameikunja mara nne na kuichomeka kwenye mkoba.

"Chea, hebu niambie. Hiyo laki ningeileta Januari, mwaka mzima ningepata ngapi?"

"Elfu saba mia tano. Ungeongeza 5,625 juu ya ulizopata."

Alifikiri kidogo, akachukua kachumbari.

"Wewe hujui bei ya vitunguu mwezi wa sita," akasema. "Hiyo laki Januari ilikuwa kwenye lori. Nimeizungusha mara tisa kabla sijaileta kwako."

Nikamuuliza kama mwaka huu ataileta tena Oktoba.

"Tarehe 9," akasema. "Si umesema kabla ya 15?"